Kitambaa kipya cha maua kitachuja? Kipime kwa kitambaa cheupe kabla ya kukifua

Watu wengi wakitaka kujua kama kitambaa kipya kinachuja hukitumbukiza kwenye beseni na kuangalia maji. Maji yakibaki safi wanaridhika. Yakigeuka mekundu wanaanza kulaumu muuzaji. Kipimo hicho hudanganya pande zote mbili. Kitambaa kinaweza kutia maji rangi kwa sababu tu kimebeba rangi ya ziada kutoka kiwandani, na rangi hiyo isishike nguo nyingine yoyote. Kingine kitaacha maji karibu yalivyokuwa, halafu kikilala kimelowa juu ya shati jeupe kwa saa chache, kinaliachia umbo la ua zima.

Kinachotuharibia nguo si rangi kuingia kwenye maji, ni rangi kuhamia kwenye nguo ya pili. Kwa hiyo wa kuulizwa si maji bali kipande cheupe kilichofuliwa, kikabanwa na kusuguliwa pamoja na kitambaa unachokipima. Nitakiita shahidi. Maabara za nguo nazo hufanya hivyo hivyo, na vipimo vyake vya msingi vinaweza kuigwa jikoni bila mashine.

Rangi inatokaje?

Kwenye kitambaa cha pamba kilichopigwa chapa utakutana hasa na hali tatu, na ukizijua utaelewa majibu utakayopata.

Ya kwanza ni rangi iliyofungamana na uzi wenyewe. Hii ikishika haitoki kirahisi, lakini si rangi yote iliyowekwa kiwandani hufanikiwa kushika. Sehemu iliyokosa hubaki imejishikiza tu, na kiwanda kinatakiwa kuiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka iishe. Kikifanya haraka, ziada hiyo unaimalizia wewe nyumbani. Habari njema ni kwamba ina mwisho.

Ya pili ni rangi inayokaa ndani ya uzi bila kufungamana nao kwa nguvu. Hii haina mwisho. Kila ukifua hutoka kiasi, na maji yakiwa ya moto hutoka zaidi.

Ya tatu ni rangi ya unga iliyogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi. Mara nyingi unaitambua kwa kidole: mahali penye rangi pamekakamaa kidogo kuliko mahali peupe, na mgongo wa kitambaa umepauka. Maji hayaiyeyushi, kwa hiyo kwenye beseni inaonekana malaika. Adui yake ni msuguano.

Kitambaa kimoja kinaweza kuchanganya tabia hizi, maana chapa huwekwa rangi moja baada ya nyingine. Nyekundu ikiwa salama, haimaanishi nyeusi iliyo kando yake ni salama.

Vifaa

Tafuta chupa au kopo lenye mdomo mpana na mfuniko usiovuja, la plastiki, gololi nne au tano, sabuni ya unga ya kawaida, sindano na uzi mweupe, beseni dogo, na kitu bapa kizito kama vitabu viwili vinene. Gololi zinachukua nafasi ya mikono inayofikicha; maabara hutumia vigololi vya chuma kisichoshika kutu.

Sabuni isiwe yenye dawa ya kung'arisha au kuondoa madoa. Dawa hiyo inaweza kuua rangi iliyohamia kwenye shahidi, ukaona kipande cheupe pepepe na kuamini kitambaa ni salama, wakati kilichotokea ni kwamba ushahidi umefutwa.

Shahidi mkuu ni pamba nyeupe iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, kwa mfano shuka kuukuu. Pamba mpya ya dukani huwa na uwanga unaozuia maji na rangi kuingia. Pata pia kipande cha nailoni nyeupe, hata cha stokingi, na kama utashona na bitana, kipande cha bitana yenyewe. Rangi huchagua pa kukaa: inayopenda pamba inaweza kuipita poliesta bila kuigusa, na rangi ya kitambaa cha poliesta inaweza kuiacha pamba safi lakini ikaishika nailoni. Ndiyo maana maabara hutumia utepe mmoja uliofumwa kwa aina sita za nyuzi. Wewe utosheke na zile ambazo nguo yako itakutana nazo kweli.

Kukata sampuli

Kata kipande cha sentimita 10 kwa 4 kutoka ukingoni, lakini usikubali ukingo wowote tu. Sampuli lazima iguse kila rangi iliyokolea, hasa nyekundu, nyeusi, buluu nzito na zambarau, na ibakize sehemu nyeupe kama kitambaa kinayo. Weupe huo ni shahidi wa ndani: ukigeuka waridi, ujue kitambaa kitajichafua chenyewe hata ukikifua peke yake. Kama rangi zote haziingii kwenye kipande kimoja, kata viwili na uvipime kila kimoja kwenye kopo lake.

Kata pia kipande kidogo cha pili cha rangi zile zile na ukiweke pembeni kikavu. Bila hicho, baadaye utakuwa unabishana na kumbukumbu yako.

Kata mashahidi ambao wakipangwa pamoja watafunika sampuli yote. Walaze juu ya uso wa sampuli, pamba ikifunika nusu na nailoni nusu, ukihakikisha kila mmoja ameguswa na rangi nzito. Piga bandi kuzunguka kingo ili visiachane. Mwisho kata kipande kimoja cha pamba ile ile kisichoshonwa na chochote. Hiki kitafuliwa peke yake kwenye kopo jingine lenye sabuni hiyo hiyo, ili ujue weupe wa pamba baada ya kufuliwa unaonekanaje. Sabuni nyingine huacha kivuli cha buluu, na usipokuwa na kipande cha kulinganishia utakisingizia kitambaa.

Kufua sampuli

Pima kwa joto utakalotumia kufua nguo yenyewe. Kama hujui uchague lipi, anza na nyuzijoto 40. Usipokuwa na kipimajoto, changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vinne vya maji ya kawaida ya nyuzijoto 25 hivi. Utapata takriban 40. Maji ya bomba yakiwa ya baridi kidogo, kama 20, tumia vikombe vitatu.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni, kilichosawazishwa, kwa kila lita. Mimina kwenye kopo mililita 150, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kikombe kikubwa. Usijaze. Maji mengi kwa kipande kidogo huifanya rangi iliyotoka kuwa nyepesi mno, ikashindwa kumshika shahidi, na kwenye beseni lililojaa nguo hali haiko hivyo.

Tia gololi na sampuli, funga, kisha simamisha kopo ndani ya beseni lenye maji ya joto lile lile ili lisipoe haraka. Litikise kwa nusu dakika kila baada ya dakika mbili au tatu, mpaka dakika 30 zitimie. Mara ya kwanza fungua baada ya dakika moja uangalie kama sampuli imelowa kweli. Kitambaa kipya chenye uwanga mwingi huelea na kushikilia hewa. Kikiwa hivyo kibonyeze kwa kijiko mpaka kizame, ndipo uanze kuhesabu muda.

Muda ukiisha, angalia maji lakini usihukumu bado. Yaandike tu: safi, waridi hafifu, mekundu. Suuza sampuli mara mbili kwa maji safi na ukamue kwa kuibana, bila kuisokota.

Kubana ikiwa mbichi

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami nadhani ndiyo inayofichua mengi kuliko zote. Nguo nyingi haziharibiki wakati zinazunguka kwenye maji. Zinaharibika baadaye, zikiwa zimerundikwa mbichi kwenye beseni, au zimesahaulika ndani ya mashine mpaka jioni. Hapo maji ni kidogo, rangi ndani yake imekolea, vitambaa vimegandamana, na muda upo wa kutosha.

Chukua sampuli ikiwa bado mbichi na imeshonwa na mashahidi wake. Iwe imelowa vizuri lakini isidondoshe maji. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni ili isikauke, ilaze mahali tambarare na uweke vile vitabu juu. Iache saa nne. Maabara nazo huibana kwa saa nne, kwenye joto la nyuzijoto 37, karibu sawa na joto la mwili, kwa hiyo chagua mahali penye uvuguvugu kuliko sakafu ya baridi.

Kisha fumua bandi na utenganishe vipande kabla ya kukausha. Ukivikausha vikiwa pamoja, maji yanapokimbilia kingoni huburuta rangi, nawe utapata mstari mzito ambao si jibu la haki. Anika vipande vyote kivulini, kila kimoja peke yake. Jua kali linaweza kufifisha doa jepesi kabla hujalisoma.

Kusugua

Kwa kipimo hiki tumia sehemu ya kitambaa ambayo haijafuliwa. Funga kipande cha pamba nyeupe kikavu kwenye kidole cha shahada, kibonyeze kwa nguvu ya wastani na usugue rangi moja tu kwa mstari ulionyooka wa sentimita 10, mbele na nyuma, mara 10. Rudia rangi nyingine kwa kipande kipya. Halafu fanya vyote tena kwa pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa sana.

Karibu kila rangi nzito huacha alama zaidi ikisuguliwa kwa pamba mbichi, kwa hiyo alama hafifu hapo isikutishe. Alama iliyo wazi ikiwa kavu ndiyo ya kuogopa, maana hiyo itahamia kwenye mkoba mweupe na kwenye kiti bila maji kuhusika.

Kusoma majibu

Subiri vipande vikauke kabisa. Pamba mbichi huonekana nzito kuliko ilivyo. Nenda dirishani mchana. Taa za ndani, hasa zenye mwanga wa manjano, huficha rangi ya manjano na ya chungwa. Weka karatasi nyeupe, juu yake mlaze shahidi ubavu kwa ubavu na ile pamba iliyofuliwa peke yake, kingo zikigusana.

Maabara huhukumu kwa ngazi za 1 hadi 5, 5 ikiwa hakuna kilichohamia. Wewe unaweza kutumia ngazi nne za macho. Huoni tofauti hata vikigusana: salama. Unaona vikigusana lakini ukimtenga shahidi huna uhakika: inakubalika, ilimradi hufui na vyeupe. Unaiona hata ukimshika shahidi kwa mkono ulionyooshwa mbali: tatizo. Unaona umbo la ua: usikishone na kitu cheupe mpaka urudie kipimo.

Kurudia ndiko kunakokutenganishia zile hali mbili za kwanza. Chukua sampuli ile ile, ishone na mashahidi wapya, ifue na kuibana upya kwa namna ile ile. Kisha mara ya tatu. Mashahidi wakizidi kuwa weupe kila raundi, ilikuwa rangi ya ziada nayo inaisha. Shahidi wa tatu akifanana na wa kwanza, kitambaa hicho ni cha kuchuja maisha yake yote.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme una kitambaa cha pamba: maua mekundu yaliyokolea, majani ya buluu nzito, michirizi myembamba myeusi, juu ya weupe. Kinakwenda kushonwa gauni lenye kola nyeupe ya pamba na bitana nyeupe ya poliesta. Mashahidi ni watatu basi: pamba, nailoni na bitana.

Raundi ya kwanza maji yanatoka waridi. Baada ya kubanwa, pamba inaonyesha umbo la ua, si kali lakini linaonekana kwa mbali. Majani ya buluu hayakuacha kitu. Nailoni ina kivuli hafifu, bitana iko safi. Weupe wa sampuli yenyewe, ukilinganishwa na kile kipande kikavu kilichowekwa pembeni, umepata uwaridi kidogo karibu na maua.

Kwenye kusugua, nyekundu na buluu hazina neno zikiwa kavu. Nyeusi inaacha mstari wa kijivu. Ukiigusa unahisi ukakamavu, na kwa nyuma michirizi karibu haionekani. Hiyo ni rangi ya gundi.

Raundi ya pili maji ni karibu safi na shahidi wa pamba anaonyesha tofauti akigusanishwa tu na mwenzake. Raundi ya tatu hakuna kitu. Kwa hiyo nyekundu ilikuwa na ziada, na ziada imekwisha. Kilichobaki ni nyeusi, ambayo haitaharibu kola kwenye maji lakini itapauka ikifikichwa.

Uamuzi unajitokeza wenyewe. Kitambaa chote kifuliwe peke yake mara tatu kabla fundi hajakigusa kwa mkasi, kila mara kwenye maji mengi, kikisuuzwa papo hapo na kuanikwa kikiwa kimekunjuliwa. Kukikunja juu ya kamba kikiwa kibichi ni kuyabana maua juu ya weupe wake chenyewe. Ukitaka kufupisha kazi kwa maji ya nyuzijoto 60, pima kwanza sampuli mpya kwa joto hilo: maji ya moto huharakisha ziada kutoka, lakini kwa rangi isiyofungamana huongeza tu uharibifu. Kola ishonwe baada ya hapo. Gauni lifuliwe likiwa limegeuzwa ndani nje, bila brashi, kwa ajili ya ile michirizi myeusi.

Ufuaji huo wa mwanzo una faida nyingine: kama kitambaa ni cha kurudi, kitarudi sasa, kabla hakijawa gauni.

Kama huwezi kukata

Kwa nguo iliyokwisha kushonwa, tafuta pindo la ndani au mshono wenye akiba ya kitambaa. Lowesha vipande viwili vya pamba nyeupe kwa maji ya sabuni ya nyuzijoto 40, kimoja chini kimoja juu ya mahali hapo, funika kwa plastiki na ukandamize kwa kitu kizito kwa saa moja. Usitumie pasi ya moto kuharakisha kama wengine wanavyoelekeza. Joto la pasi linazidi mno la kufulia, na kwenye poliesta linaweza kurusha rangi ambayo maji yasingeitoa. Kipimo hiki ni dhaifu kuliko cha sampuli: kikionyesha rangi kiamini, kisipoonyesha fua nguo peke yake mara ya kwanza hata hivyo.

Chumvi na siki

Utashauriwa kuloweka kitambaa kwenye chumvi au siki ili rangi "ikae". Kwa pamba ya siku hizi usitegemee. Chumvi husukuma rangi nyingi za pamba zitoke kwenye maji ziingie kwenye nyuzi, na ndiyo sababu watia rangi huitumia. Lakini haichagui nyuzi za nani. Maji yataonekana safi zaidi, huku rangi iliyokuwa humo ikielekea kwa shahidi mweupe. Kama una shaka, fanya makopo mawili, moja na chumvi na jingine bila, ulinganishe mashahidi badala ya maji.

Kipimo hiki hakikuambii nini

Hakikuambii kama rangi itastahimili jasho, jua au dawa ya kung'arisha. Hayo yana vipimo vyake. Wala hakihusu jora jingine. Ukirudi kununua kitambaa cha maua yale yale, kinaweza kuwa kimepigwa chapa siku nyingine na kuoshwa kwa haraka zaidi, basi kata sampuli upya.

Na ikiwa umechelewa kupima, rangi imekwisha kuhamia kwenye nguo nyeupe, usiianike wala kuipiga pasi. Itenge na iliyochuja, irudishe ikiwa bado mbichi kwenye maji mengi yenye sabuni, ya joto la juu kabisa ambalo lebo yake inaruhusu, na ubadilishe maji kila yanapoonyesha rangi. Doa bichi mara nyingi hukubali. Likikauka, kazi huwa ngumu zaidi.